Ukiongeza gesi isiyomenyuka, uliza kwanza: pistoni imefungwa au iko huru?

Katika madaftari ya kemia ya kidato cha tano na cha sita hapa Unguja, kuna swali moja la msawazo wa gesi ambalo hukosewa mwaka hadi mwaka, na wanaolikosea si wavivu. Chombo kina N2O4 na NO2 ambazo zimefikia msawazo. Inaongezwa arigoni, gesi isiyomenyuka na yeyote kati ya hizo mbili. Msawazo utaelekea upande gani?

Jibu linaloandikwa mara nyingi ni hili: "Kanieneo limepanda, kwa hivyo mfumo utaelekea upande wenye moli chache, yaani upande wa N2O4." Sentensi hiyo imenyooka, inafuata kanuni ya Le Chatelier kama ilivyokaririwa skuli, na si sahihi. Haiwi sahihi hata ukiibadilisha uelekeo. Tatizo liko ndani ya swali lenyewe: halijasema kama chombo kina kuta zisizosogea au kina pistoni inayopanda na kushuka. Bila ya habari hiyo hakuna jibu, na aliyejibu kwa haraka amejaza nafasi hiyo kwa dhana yake bila ya kujua.

Kinachowapoteza wengi ni neno "kanieneo". Geji iliyofungwa ukutani mwa chombo husoma kanieneo la jumla, la gesi zote kwa pamoja. Mmenyuko hauisomi geji. Molekuli mbili za NO2 zikigongana na kuungana kuwa N2O4, kinachoamua wingi wa migongano hiyo ni NO2 ngapi zimo katika kila lita, na arigoni iliyopita katikati yao haihusiki. Kwa hivyo kabla ya kutaja kanuni yoyote, mtu ajiulize kanieneo la kila gesi inayoshiriki, peke yake, limefanywa nini. Hilo ndilo tutakaloliita hapa kanieneo-sehemu. Ukizidisha kanieneo la jumla kwa sehemu ya moli ya gesi hiyo, unalipata.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho, kwa sababu namba ndizo zinazoonyesha makosa yanapojificha.

Mmenyuko ni N2O4 ⇌ 2NO2. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, Kp yake, yaani K ya msawazo inayohesabiwa kwa kanieneo-sehemu, ni karibu 0.15 tukipima kwa atm. Tuseme katika chombo chetu NO2 ina kanieneo-sehemu la 0.30 atm na N2O4 ina 0.60 atm, jumla 0.90. Q ni hesabu ile ile ya K, ila kwa kanieneo-sehemu zilizopo wakati huo, msawazo uwepo au usiwepo: hapa ni mraba wa 0.30 ukigawanya kwa 0.60, yaani 0.09 kwa 0.60, unapata 0.15. Q ni sawa na K, kwa hivyo huo ni msawazo kweli.

Sasa tubane ujazo uwe nusu, halijoto ikibaki ile ile. Kwa dakika ya kwanza ya fikra, kabla ya mmenyuko kusogea, kila kanieneo-sehemu linazidishwa mara mbili: NO2 inakuwa 0.60, N2O4 inakuwa 1.20. Q sasa ni 0.36 kwa 1.20, sawa na 0.30. Imekuwa mara mbili ya K, na ikiwa Q imezidi K mmenyuko hurudi nyuma. NO2 itaungana kuwa N2O4. Hapa kanuni ya Le Chatelier na hesabu zinasema jambo moja, na ndiyo maana watu huiamini kupita kiasi.

Irudi nyuma kiasi gani? Tuite x ongezeko la N2O4. N2O4 itakuwa 1.20 + x, na NO2 itakuwa 0.60 − 2x, kwa sababu kila N2O4 moja inakula NO2 mbili. Tukiandika mraba wa (0.60 − 2x) sawa na 0.15 mara (1.20 + x) na kutatua, x inatoka karibu 0.081. NO2 inatulia kwenye 0.44 atm na N2O4 kwenye 1.28 atm. Ihakikishe mwenyewe: mraba wa 0.438 ukigawanywa kwa 1.281 unarudi kwenye 0.15.

Namba hizo zitazame polepole, maana zina kosa la pili ndani yake. Mwanafunzi akiulizwa "baada ya kubana, NO2 imepungua au imeongezeka?" hujibu "imepungua, kwa sababu msawazo umerudi nyuma." Moli za NO2 ndizo zilizopungua: kama mwanzo tulikuwa na vipande 30, sasa vimebaki karibu 22. Lakini kanieneo-sehemu lake limepanda kutoka 0.30 hadi 0.44, kwa sababu vipande hivyo 22 vimo ndani ya nusu ya nafasi. Msawazo hupunguza athari ya mabadiliko, hauifuti. NO2 iliruka hadi 0.60, ikarudi hadi 0.44, haikurudi 0.30. Vile vile kanieneo la jumla: lilikuwa 0.90, likapanda hadi 1.80, likatulia kwenye 1.72. Anayeandika kwamba mfumo "unarudisha kanieneo kama lilivyokuwa" ameipa kanuni nguvu isiyokuwa nayo.

Jambo hili ndilo linalochanganya jaribio la bomba la sindano. NO2 ni ya rangi ya hudhurungi, N2O4 haina rangi, na vitabu vingi husema kwamba ukibana bomba lenye mchanganyiko huo rangi inakolea kwanza kisha inafifia. Mwanafunzi anayetazama bomba kwa ubavu anategemea kwamba mwishowe litakuwa jeupe kuliko mwanzo. Halitakuwa. Kwa ubavu, unene wa gesi anayoitazama haujabadilika, na NO2 katika kila sentimita imezidi, kwa hivyo rangi ya mwisho ni nzito kuliko ya kwanza. Akitaka kuona moli zimepungua, atazame kwa urefu wa bomba, kutoka kichwani, ikiwa pistoni ni ya kioo na mwanga unapita. Kwa urefu, kubana peke yake hakubadilishi idadi ya molekuli zilizo mbele ya jicho: zimesongamana mara mbili lakini safu imefupika nusu. Kufifia kokote anakokuona kutoka upande huo ni msawazo wenyewe uliosogea.

Na kuna jambo linalojulikana na wachache kuhusu huko "kukolea kisha kufifia". Mmenyuko huu ni wa haraka mno. Hufikia msawazo mpya katika sehemu ndogo sana ya sekunde, chini ya elfu moja ya sekunde. Jicho halina uwezo wa kuuona ukisogea. Ukibana bomba kwa kishindo na rangi ikachukua sekunde moja au mbili kufifia, sehemu kubwa ya unachokiona ni joto. Gesi iliyobanwa kwa ghafla hupata moto, na kuvunjika kwa N2O4 hula joto, karibu kilojuli 57 kwa moli, kwa hivyo moto huo unasukuma msawazo upande wa NO2 kwa muda. Bomba likipoa kwenye hewa ya chumba, rangi inashuka. Anayetaka kulinganisha ujazo peke yake abane polepole, au abane na asubiri kama nusu dakika kabla ya kusema lolote. Hukumu ya kanieneo inasimama tu pale halijoto ni ile ile, na K ni ile ile. Halijoto ikibadilika, K yenyewe imebadilika na mazungumzo ni mengine.

NO2 ni sumu ya mapafu, na ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kuivuta, akajiona mzima, kisha mapafu yakavimba saa kadhaa baadaye. Skuli isiyokuwa na kabati la kuvutia moshi isiitengeneze darasani. Mirija ya kioo iliyokwisha kuzibwa kwa moto ndiyo salama zaidi, ingawa hiyo inafaa kwa maji ya moto na barafu na si kwa kubana. Pia gesi hii hula mpira, kwa hivyo bomba lenye kizibo cha mpira likikaa litavuja, na kuvuja kunafanana kabisa na kufifia.

Turudi kwenye arigoni. Tuanze tena na chombo chetu cha 0.30 na 0.60, na tutie arigoni ya 0.90 atm, yaani moli sawa na za mchanganyiko wote.

Hali ya kwanza: chombo ni cha chuma, hakitanuki. Geji inapanda kutoka 0.90 hadi 1.80, kama ilivyopanda tulipobana. Lakini NO2 bado ni moli zile zile ndani ya ujazo ule ule, na kanieneo-sehemu lake bado ni 0.30. N2O4 bado ni 0.60. Q ni 0.15, sawa na K. Hakuna kinachosogea. Geji imesoma kitu kimoja katika matukio mawili, 1.80 hapa na 1.80 pale mwanzo wa kubana, na matokeo ni tofauti kabisa. Mwanafunzi akikumbuka hiyo geji miongoni mwa mambo yote haya, atakuwa amelinda alama zake.

Hali ya pili: chombo kina pistoni huru, na nje yake kuna kanieneo lisilobadilika la 0.90. Arigoni ikiingia, pistoni inapanda mpaka ujazo uwe mara mbili. Sasa NO2 na N2O4 zimetawanyika katika nafasi kubwa: 0.15 na 0.30. Q ni mraba wa 0.15 kwa 0.30, yaani 0.075, nusu ya K. Mmenyuko unakwenda mbele, N2O4 inavunjika. Kwa NO2 na N2O4, arigoni iliyoingia chini ya pistoni huru ni sawa na ujazo uliopanuliwa.

Tukitatua hali hii, tukumbuke kwamba moli zikiongezeka pistoni inapanda tena kidogo, hivyo ujazo si mara mbili kamili bali mara 2.06. Hapo ndipo wengi wanaojua uelekeo hukosea kiasi: wanaiacha V kwenye 2 na jibu lao halirudishi kanieneo la jumla la 0.90. Matokeo sahihi ni kwamba NO2 iliyokuwa vipande 30 inakuwa vipande 41, na N2O4 iliyokuwa 60 inabaki kama 54 na nusu. Lakini kanieneo-sehemu la NO2 limeshuka, kutoka 0.30 hadi 0.20. Moli zimezidi na kanieneo-sehemu limepungua, kinyume cha tulichokiona wakati wa kubana. Swali likiuliza "NO2 imeongezeka?" kwanza ujue linauliza moli au kanieneo.

Hukumu hizi zinachukulia kwamba gesi zinafuata sheria ya gesi sahili. Kwa kanieneo la atm moja au mbili hilo halina shaka. Kwenye mamia ya atm, kama viwandani, gesi isiyomenyuka huanza kugusa tabia ya nyingine, na "hakuna kinachosogea" inakuwa "karibu hakuna".

Kosa jingine ni la kuhesabu moli zisizostahili kuhesabiwa. Hapa kwetu mfano upo karibu: tanuu la chokaa. Mawe ya matumbawe kwa sehemu kubwa ni CaCO3, na yakichomwa yanatoa CaO na CO2. Mwanafunzi akihesabu moli moja kushoto na mbili kulia yuko sahihi kwa bahati, na bahati hiyo itamwangusha siku nyingine. CaCO3 na CaO ni yabisi. Hazina kanieneo-sehemu na haziingii katika Kp. Kp ni kanieneo la CO2 peke yake. Kwa H2 na I2 zinazotoa HI mbili, ikiwa iodini ni mvuke basi moli ni mbili kwa mbili na kubana hakusogezi kitu. Ikiwa iodini ni yabisi, ni moja kwa mbili, na kubana kunarudisha nyuma. Ile herufi ndogo ya hali ya dutu, (s) au (g), ndiyo inayoamua.

Kwa kuwa Kp ya chokaa ni gesi moja tu, tabia yake ni ya pekee. Katika nyuzi 800 kanieneo la CO2 la msawazo ni takriban 0.2 atm. Ukibana ujazo nusu, linaruka hadi 0.4, halafu CaO inaila CO2 mpaka lirudi 0.2 kamili. Hapa kweli mfumo unarejea pale pale, tofauti na NO2, maadamu CaO haijamalizika. Na ukipanua, CaCO3 itavunjika mpaka irudi 0.2, maadamu jiwe lipo. Jiwe likisha, hakuna tena msawazo wa kuutabiri. Kinachobaki ni gesi inayopanuka tu.

Tanuu la wazi si chombo kilichofungwa. Upepo na moshi unaopanda hupunguza CO2 iliyo juu ya mawe, kwa hivyo uso wa jiwe unaweza kuungua chokaa chini ya nyuzi 900, ambapo ndipo kanieneo la CO2 linapofikia karibu 1 atm. Nitrojeni ya hewa hapo inafanya kazi ya arigoni chini ya pistoni huru: inaizimua CO2 bila ya kumenyuka. Lakini katikati ya jiwe kubwa hewa haifiki. CO2 inayozaliwa kule ndani imejaa vitundu peke yake, na haiwezi kutoka mpaka kanieneo lake lishinde la nje. Kiini kinahitaji moto mkali zaidi kuliko uso. Ndiyo maana jiwe nene likitiwa maji linavimba na kupasuka nje, na katikati kinabaki kigongo kigumu kilichobakia jiwe. Mawe yenye ukubwa wa ngumi yanaungua sawasawa kuliko yenye ukubwa wa kichwa, na si kwa sababu ya joto peke yake.

Limebaki jambo moja ambalo hata walimu huliona geni. Ikiwa gesi isiyoshiriki inaweza kusogeza msawazo kwa kupanua ujazo, basi na gesi inayoshiriki, ikiongezwa chini ya pistoni huru, inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaongeza wingi wake, na inazizimua nyingine. Mara nyingi kazi ya kwanza inashinda. Si kila mara.

Chukua amonia: N2 + 3H2 ⇌ 2NH3, moli nne kwa mbili. Kanieneo la jumla likiwa halibadiliki na halijoto ni ile ile, tukiongeza N2 tu, sehemu ya Q inayobadilika ni mraba wa jumla ya moli ukigawanya kwa moli za N2. Tuseme mchanganyiko una moli 10, na N2 ni 2. Mraba wa 10 kwa 2 ni 50. Tuongeze N2 moli 2: jumla 12, N2 ni 4, na 144 kwa 4 ni 36. Q imeshuka, mmenyuko unakwenda mbele, amonia inaongezeka, kama kila mtu anavyotarajia.

Sasa tuseme kati ya moli 10, N2 ni 6. Mraba wa 10 kwa 6 ni 16.7. Tuongeze N2 zile zile 2: jumla 12, N2 ni 8, na 144 kwa 8 ni 18. Q imepanda. Tumeongeza kitu cha upande wa kushoto, na mmenyuko umerudi kushoto, amonia imepungua. Sababu ni kwamba H2 imezimuliwa, na katika Q ya amonia H2 ina nguvu ya tatu, kwa hivyo kuizimua kunaumiza kuliko N2 inavyosaidia. Mpaka ni pale N2 inapokuwa nusu ya moli zote: chini ya nusu unasonga mbele, juu ya nusu unarudi. Ndani ya chombo kisichotanuka hili halitokei hata kidogo. Kule N2 ikiongezwa, H2 na NH3 hazizimuliwi, na mmenyuko siku zote unakwenda mbele.